Uchumi Unakua, Wasio na Kazi Wanaongezeka: Siri ya Namba Mbili

Mwaka 2002 uchumi wa Marekani ulikua kwa asilimia 1.7. Ukijumlisha viwanda, mashamba, benki na maduka, nchi ilizalisha zaidi ya ilivyozalisha mwaka uliotangulia. Hata hivyo kiwango cha ukosefu wa ajira kilipanda kutoka asilimia 4.7 hadi 5.8. Mwaka uliofuata uchumi ulikua kwa asilimia 2.8, na bado wasio na kazi waliongezeka hadi wakafikia asilimia 6.0.

Anayesoma habari hizi gazetini ana haki ya kushangaa. Kama mali inayozalishwa inaongezeka, iweje watu wazidi kukosa kazi? Wengine hukimbilia kusema kwamba takwimu zimepikwa. Hazikupikwa. Jibu limo katika mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo unaelezwa na namba mbili tu. Namba ya kwanza inatajwa sana. Ya pili hupitwa kama salamu ya mpita njia, ingawa ndiyo inayojibu swali letu.

Mstari wa Okun

Aliyeuchora mstari huo kwanza ni Arthur Okun, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyefanya kazi katika Baraza la Washauri wa Uchumi la Rais John F. Kennedy. Serikali ile ilitaka kujua nchi inapoteza mali kiasi gani kwa kuwaacha watu bila kazi. Katika makala aliyoitoa mwaka 1962, Okun alichukua takwimu za robo mwaka 55, kuanzia robo ya pili ya 1947 hadi robo ya mwisho ya 1960. Kwa kila robo aliandika mambo mawili: kiwango cha ukosefu wa ajira kimepanda au kushuka kwa pointi ngapi, na pato halisi la taifa, yaani pato lililoondolewa athari ya mfumuko wa bei, limekua kwa asilimia ngapi. Kisha akatafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta zote 55. Kazi hiyo wanatakwimu huiita regresheni. Alipata hivi:

badiliko la ukosefu wa ajira = 0.30 − 0.30 × ukuaji wa pato

Tazama kwamba Okun hakulinganisha kiwango cha ukosefu wa ajira na ukubwa wa uchumi. Alilinganisha badiliko na badiliko, na alikuwa na sababu. Pato la taifa lina tabia ya kupanda miaka nenda miaka rudi, maana watu wanaongezeka na mashine zinaboreka. Ukosefu wa ajira hauna safari ya namna hiyo. Hupanda, hushuka, kisha hurudi karibu na ulikokuwa. Mwaka 2000 kiwango cha Marekani kilikuwa asilimia 4.0 na mwaka 2018 kilikuwa 3.9, ingawa katikati ya miaka hiyo uchumi ulikuwa umekua sana. Ukiviweka viwili hivyo kwenye mchoro mmoja vilivyo, utapata mstari usio na maana yoyote: pato limeondoka, ukosefu wa ajira umebaki palepale. Lakini ukiuliza mwaka huu kimebadilika nini kulinganisha na mwaka jana, kwa pande zote mbili, unakuwa umeiondoa ile safari ndefu na kubakiwa na mitikisiko. Uhusiano unaotafutwa umo katika mitikisiko hiyo.

Tuuchore wenyewe

Huhitaji kuwa mchumi ili kurudia kazi ya Okun. Tuchukue Marekani kuanzia mwaka 2001 hadi 2010, kipindi chenye mdororo mdogo mwanzoni na mdororo mkubwa mwishoni. Ukuaji wa pato halisi unatoka kwenye hesabu za taifa, nasi tumeukadiria hadi desimali moja. Ukosefu wa ajira ni wastani wa mwaka, unaotokana na mahojiano ya kila mwezi katika kaya zipatazo 60,000.

| Mwaka | Ukuaji wa pato (%) | Badiliko la ukosefu wa ajira (pointi) |
|---|---|---|
| 2001 | 1.0 | 0.7 |
| 2002 | 1.7 | 1.1 |
| 2003 | 2.8 | 0.2 |
| 2004 | 3.8 | −0.5 |
| 2005 | 3.5 | −0.4 |
| 2006 | 2.8 | −0.5 |
| 2007 | 2.0 | 0.0 |
| 2008 | 0.1 | 1.2 |
| 2009 | −2.6 | 3.5 |
| 2010 | 2.7 | 0.3 |

Safu ya tatu inahesabiwa kwa pointi za asilimia. Ukosefu wa ajira ulipotoka 5.8 mwaka 2008 na kufika 9.3 mwaka 2009, uliongezeka kwa pointi 3.5. Ukisema uliongezeka kwa asilimia 3.5 umekosea, kwa sababu asilimia 3.5 ya 5.8 ni kama pointi 0.2 tu.

Ziandike namba hizo katika programu ya jedwali, mwaka ukiwa safu A, ukuaji safu B na badiliko safu C, kuanzia mstari wa pili. Kisha andika:

```
=SLOPE(C2:C11,B2:B11)
=INTERCEPT(C2:C11,B2:B11)
```

Amri ya kwanza itakupa kama −0.60 na ya pili kama 1.63. Mstari wetu basi ni huu:

badiliko la ukosefu wa ajira = 1.63 − 0.60 × ukuaji wa pato

Mstari huu unaeleza sehemu kubwa, asilimia zipatazo 91, ya kupanda na kushuka kwa safu ya tatu. Hata hivyo hauzigusi nukta zote. Kwa kawaida nukta iko juu au chini ya mstari kwa pointi kama 0.4. Kipimo hicho tukiweke akiba, kwa kuwa ndicho kitakachotuambia baadaye kama mstari umepotea njia.

Mteremko: asilimia moja inanunua nini

Namba −0.60 ni mteremko wa mstari. Inasema hivi: ukilinganisha miaka miwili, na mmoja ukawa na ukuaji uliozidi ule wa mwingine kwa asilimia moja, basi katika mwaka wenye ukuaji mkubwa badiliko la ukosefu wa ajira litakuwa chini kwa pointi 0.6 hivi. Alama ya kutoa inaonyesha tu kwamba viwili hivi huenda kinyume.

Kwa nini isiwe pointi moja kamili? Mtu angetarajia kwamba uzalishaji ukishuka kwa asilimia moja, asilimia moja ya wafanyakazi watarudishwa nyumbani. Lakini sivyo waajiri wanavyofanya. Biashara ikipoa, jambo la kwanza ni kufuta saa za ziada na kupunguza zamu. Mafundi waliochukua miaka kufundishwa hubakizwa hata kama kazi ni chache, maana kuwafukuza leo na kutafuta wengine mwakani ni gharama. Kwa hiyo uzalishaji hushuka zaidi ya ajira. Isitoshe, baadhi ya wanaopoteza kazi hukata tamaa na kuacha kutafuta, na asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa hana ajira. Uchumi ukichangamka mambo hayo yote hugeuka: saa zinarudi kwanza, waliokata tamaa wanajitokeza tena kutafuta, na kiwango cha ukosefu wa ajira kinashuka polepole kuliko uzalishaji unavyopanda. Okun mwenyewe aliutegemea ufafanuzi wa namna hii: saa za kazi, tija, na watu wanaoingia na kutoka katika soko la ajira.

Hapa kuna mtego wa vipimo. Mteremko wa Okun ulikuwa −0.30 na wetu ni −0.60, lakini usikimbilie kusema kwamba soko la ajira limekuwa jepesi maradufu. Okun alipima kwa robo mwaka, nasi kwa mwaka mzima. Athari nyingi za ukuaji huchelewa: kiwanda kinachopata oda leo huenda kikaajiri baada ya miezi sita. Kipimo cha robo mwaka hukamata tu kile kilichotokea ndani ya robo ileile, ilhali cha mwaka hukusanya na kilichochelewa. Pia zipo taarifa zinazotoa ukuaji wa robo mwaka ukiwa umekuzwa kana kwamba ungeendelea mwaka mzima. Ukitumia namba hizo bila kuangalia, mteremko wako utaonekana mdogo mara nne, ingawa uchumi ni uleule.

Kikato: gharama ya kusimama

Sasa tuigeukie namba ya pili, 1.63. Ni mahali mstari unapoukata mhimili wa wima, pale ambapo ukuaji ni sifuri. Tuiite kikato. Maana yake ni kwamba katika mwaka ambao uchumi haukukua wala haukupungua, ukosefu wa ajira ulitarajiwa kupanda kwa pointi 1.63.

Hili huwashangaza wengi. Uchumi umezalisha kiasi kilekile cha jana, basi kwa nini watu wale wale wasibaki kazini? Chukua mji wa kubuni wenye kiwanda kimoja cha sabuni. Watu wote 100 wenye kutaka kazi wameajiriwa humo, na kwa mwaka wanatoa katoni 1,000, yaani kila mmoja katoni 10. Mwaka unaofuata mashine zimeboreshwa na mafundi wamezidi kuizoea kazi, kwa hiyo kila mtu anaweza kutoa katoni 10.2. Wakati huohuo kijana mmoja amemaliza shule, na wanaotaka kazi sasa ni 101. Soko bado linanunua katoni 1,000 tu. Kiwanda kinahitaji watu 98. Watatu kati ya 101 hawana kazi, na ukosefu wa ajira umetoka sifuri hadi karibu asilimia 3, bila katoni hata moja kupungua.

Kikato basi kinabeba mambo mawili ambayo hayamo kwenye jedwali letu: ongezeko la watu wanaotaka kazi na ongezeko la tija. Katika mji wetu tija imepanda kwa asilimia 2 na nguvukazi kwa asilimia 1. Ili kila mtu awe na kazi, soko la sabuni lilipaswa kukua kwa asilimia 3 hivi. Ukuaji chini ya hapo ni ukuaji kweli, lakini hautoshi.

Kiwango hicho cha kutosha kinapatikana pia kwenye mstari wetu. Uliza: ukuaji uwe kiasi gani ili badiliko la ukosefu wa ajira liwe sifuri? Gawanya kikato kwa mteremko, bila kujali alama ya kutoa: 1.63 kwa 0.60 ni karibu 2.7. Marekani ya miaka ile ilihitaji ukuaji wa asilimia 2.7 kwa mwaka ili ukosefu wa ajira ubaki ulipo. Kwa mstari wa Okun, 0.30 kwa 0.30 ni asilimia 1 kwa robo mwaka, ambayo kwa mwaka ni kama asilimia 4.

Hapo fumbo la mwaka 2002 linafumbuka. Ukuaji wa asilimia 1.7 ulikuwa pungufu ya 2.7 kwa asilimia moja, na mstari unatarajia ukosefu wa ajira upande kwa pointi 0.6. Ulipanda kwa 1.1, zaidi ya matarajio, ila upande ni uleule. Mwaka 2003, kwa ukuaji wa 2.8, mstari unatarajia karibu hakuna badiliko. Kupanda kwa pointi 0.2 kuko ndani ya kosa la kawaida la pointi 0.4.

Ni vizuri pia kuona kwamba kikato hakisomwi peke yake. Mtu akiona 1.63 anaweza kudhani nguvukazi na tija kwa pamoja zilikua kwa asilimia 1.63. La, zilikuwa karibu na 2.7. Kikato ni ile 2.7 iliyopunguzwa makali na mteremko wa 0.60, kwa sababu zilezile za saa za ziada na mafundi wanaobakizwa.

Nukta moja yenye nguvu ya tisa

Kabla ya kuuamini mstari, tuutikise kidogo. Katika jedwali letu mwaka 2009 umekaa mbali na wenzake: pato limeshuka kwa asilimia 2.6 na ukosefu wa ajira umeruka kwa pointi 3.5. Nukta iliyo mbali namna hiyo huuvuta mstari kuelekea kwake. Tuitoe, kisha tuhesabu upya kwa miaka tisa iliyobaki.

Mteremko unapungua kutoka −0.60 hadi −0.48, na kikato kinashuka kutoka 1.63 hadi 1.31. Namba zote mbili zimeyumba. Lakini ukigawanya 1.31 kwa 0.48 unapata asilimia 2.7, palepale tulipokuwa. Sababu ni kwamba namba hizi mbili hufuatana. Mstari ukilazwa kidogo, unaukata mhimili wa wima chini zaidi, ilhali unapopita kwenye sifuri ya badiliko, penye miaka mingi ya kawaida kama 2003, 2007 na 2010, hausogei sana. Kwa hiyo katika takwimu hizi tunaweza kusema kwa ujasiri kiasi kwamba ukuaji wa kutosha ulikuwa karibu na asilimia 2.7, lakini tuwe waangalifu tunapotaja mteremko. Ukubwa wake umeazima nguvu kutoka mwaka mmoja wa msukosuko.

Usiugeuze mstari kichwa chini

Zipo habari zinazotumia mteremko kwa kuugeuza. Zinasema: ikiwa asilimia moja ya ukuaji inapunguza ukosefu wa ajira kwa pointi 0.3, basi pointi moja ya ukosefu wa ajira ni sawa na asilimia 3.3 ya pato, kwa kuwa moja kwa 0.3 ni 3.3. Okun mwenyewe alifanya hesabu hiyo, na kanuni ya "tatu kwa moja" ikaenea kutokana na kazi yake.

Ila mstari wa regresheni haugeuzwi hivyo. Mstari unaochorwa ili kukisia ukosefu wa ajira kutokana na pato si ule unaochorwa ili kukisia pato kutokana na ukosefu wa ajira. Ingekuwa ni mstari mmoja kama nukta zote zingelala juu yake barabara, na nukta za kweli hazilali hivyo. Okun aliripoti kwamba uwiano wa vigezo vyake viwili ulikuwa 0.79. Kwa uwiano huo, mtu anayechora mstari wa upande wa pili kwa takwimu zilezile anapata kama asilimia 2.1 ya pato kwa kila pointi, wala si 3.3. Katika jedwali letu, ambamo nukta zimeusogelea mstari zaidi, pengo ni dogo: kwa kugeuza unapata 1.66, kwa kuchora upya unapata 1.51. Mwaka 1979 wachumi Charles Plosser na William Schwert waliandika kuhusu kosa hili. Bado linarudiwa, na kwenye programu ya jedwali hutokea kimyakimya mtu anapobadilisha nafasi za safu B na C ndani ya amri.

Mstari ulipopotea njia

Sasa tuulize lililo gumu zaidi: mstari uliochorwa kwa miaka ya 2001 hadi 2010 uliweza kukisia miaka iliyofuata?

Mwaka 2011 uchumi wa Marekani ulikua kwa asilimia 1.6. Hiyo ni chini ya 2.7, hivyo mstari ulitarajia ukosefu wa ajira upande kwa pointi 0.7. Ulishuka kwa pointi 0.7. Kosa la pointi 1.4 ni zaidi ya mara tatu ya kosa la kawaida. Mwaka 2012 ukuaji ulikuwa 2.3, na ukosefu wa ajira ukashuka kwa 0.8 badala ya kupanda kidogo. Mwaka 2014 ukuaji ulikuwa 2.5, ukosefu wa ajira ukashuka kwa 1.2. Na hivyo ndivyo ilivyokwenda hadi 2019. Katika miaka tisa mfululizo, kila mwaka ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya makisio, hakuna hata mmoja uliokuwa juu. Ukijumlisha, mstari ungetuambia kwamba ukosefu wa ajira utatoka 9.6 mwaka 2010 na kufikia zaidi ya asilimia 11 mwaka 2019. Ulifika 3.7.

Makosa ya kawaida hutawanyika, mengine juu, mengine chini. Yakikaa upande mmoja mwaka baada ya mwaka, mstari umehama. Na kwa kuwa makosa yote yalikuwa ya kushusha, hata katika miaka ambayo ukuaji ulikuwa wa kawaida, mshukiwa wa kwanza ni kikato. Tukishikilia mteremko wa −0.60, kikato kinachofaa kwa miaka ya 2011 hadi 2019 ni kama 0.8. Ukuaji wa kutosha umeshuka kutoka asilimia 2.7 hadi chini ya 1.5.

Nini kilitokea? Turudi kwenye kiwanda cha sabuni, kwenye mambo mawili yanayobebwa na kikato. Nguvukazi ya Marekani iliacha kukua kwa kasi ya zamani. Kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilianza kustaafu, na baadhi ya waliopoteza kazi katika mdororo hawakurudi kutafuta. Mwaka 2007 watu wazima 66.0 kati ya kila 100 walikuwa kazini au wakitafuta kazi. Mwaka 2015 walikuwa 62.7. Tija nayo ilikua polepole. Wanaoingia wakiwa wachache na kila mmoja akiongeza kidogo tu, hata ukuaji mdogo wa pato unatosha kuwaajiri.

Maelezo mengine yalitolewa Machi 2012 na Ben Bernanke, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani. Alieleza kwamba huenda waajiri walifukuza watu kupita kiasi mwaka 2008 na 2009 kwa hofu, na sasa walikuwa wakirudisha mizani. Kama ni hivyo, sehemu ya tofauti ni ya mpito, na itakwisha. Makosa yenyewe yanaonyesha kwamba alikuwa na hoja: yalianza na pointi 1.4 mwaka 2011, yakapungua hadi kama 0.3 mwaka 2019. Lakini yalichukua miaka minane kupungua, kwa hiyo mpito peke yake hautoshi.

Msomaji mwepesi wa mkono atasema: basi tuache mstari wa zamani, tuchore mpya kwa miaka tisa ya 2011 hadi 2019 peke yake. Ukifanya hivyo utapata mteremko wa −0.04 na kikato cha −0.57. Ukizisoma kikasuku, namba hizo zinasema kwamba ukuaji hauna uhusiano na ajira, na kwamba uchumi ungepaswa kusinyaa kwa karibu asilimia 15 ndipo ukosefu wa ajira uache kushuka. Huo ni upuuzi, na hesabu haijakosewa popote. Tatizo ni kwamba katika miaka hiyo ukuaji ulizunguka kati ya 1.6 na 3.0 tu. Mteremko hupimwa kwa kulinganisha miaka mizuri na mibaya, na miaka mibaya haikuwepo. Nukta zimerundikana mahali pamoja, na mstari unaweza kupitishwa katikati yao kwa pembe karibu yoyote. Kikato nacho kinalazimika kukisia ukuaji wa sifuri, hali ambayo haikutokea hata mara moja katika kipindi hicho. Kila unapoona mstari wa namna hii, tazama kwanza ukuaji ulitofautiana kiasi gani kati ya mwaka na mwaka. Usipotofautiana, hakuna cha kupima.

Kwa nini hapa kwetu mstari hausimami

Kuna anayetaka kuchora mstari wa Tanzania au Kenya, na kikwazo cha kwanza ni nukta. Kati ya mwaka 2006 na 2021 Tanzania ilifanya utafiti wake mkubwa wa nguvukazi mara tatu tu: mwaka 2006, 2014 na 2020/21. Tafiti tatu zinatoa mabadiliko mawili tu, na kupitia nukta mbili mstari hupita barabara daima bila kuthibitisha lolote. Kenya ilianza kutoa ripoti za nguvukazi za kila robo mwaka mwaka 2019, na miezi michache baadaye ugonjwa wa Korona ukaivuruga safu nzima.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, na muda hautakiondoa. Kwa vipimo vya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya malipo au biashara yake kwa saa moja tu katika wiki ya mahojiano anahesabiwa kuwa ana kazi. Mfanyakazi wa kiwanda cha Detroit akifukuzwa, anaweza kupokea posho ya serikali huku akitafuta kazi nyingine, na takwimu zinamwona. Fundi wa Kariakoo au Gikomba akipoteza kazi hana posho ya kungojea. Kesho yake anatandika mitumba, anaendesha bodaboda, au anarudi kijijini kusaidia shamba. Kipato chake kimeanguka, saa zake zimepungua, lakini katika safu ya ukosefu wa ajira hakuna kilichobadilika. Mteremko utakaopatikana utakuwa karibu na sifuri, na atakayeusoma harakaharaka atasema kwamba mdororo hauwaumizi watu wetu.

Kinachosalia ni ile hesabu ya kiwanda cha sabuni, ambayo haihitaji regresheni. Katika nchi ambayo vijana wanaotafuta kazi wanaongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, na tija inapanda kwa asilimia 2, ukuaji wa pato wa asilimia 5 unatosha kuweka hali ilipo, si kuiboresha. Waziri wa fedha anaposoma bajeti na kutangaza ukuaji wa asilimia 5, swali la kumuuliza ni ukuaji wa kutosha ni asilimia ngapi, na ameupataje.